Nyumba imeisha, funguo zimetoka: jinsi ya kumwandikia mteja barua ya shukrani itakayokurudisha kwake

Mwongozo huu ni wa fundi mkuu au mkandarasi mdogo ambaye amekaa na mteja mmoja mwaka mzima au zaidi, na sasa kazi imeisha. Nitatumia mfano mmoja tu. Ni nyumba ya Kibosho, juu ya mji wa Moshi, iliyotuchukua miezi 14. Mwenye nyumba ni mama mstaafu anayeishi Dar es Salaam, na alikuwa anajenga kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha marehemu mumewe. Mkataba wa ufundi na vifaa ulikuwa shilingi 86,000,000. Tulikubaliana ashikilie asilimia 5, yaani 4,300,000, kama dhamana ya kasoro: nusu nilipwe siku ya makabidhiano, na nusu iliyobaki, 2,150,000, baada ya miezi 6 nyumba ikiwa haijaonyesha tatizo. Funguo zilitoka tarehe 28 Novemba, kwa sababu familia ilitaka kulala humo Krismasi. Wenye nyumba za huku mnajua, Desemba ikifika kila mtu anapanda kwao, na nyumba isiyokwisha kufikia hapo ni aibu ya fundi mbele ya ukoo mzima.

Ninachoamini baada ya nyumba kadhaa ni hiki: kinachomfanya mteja akukumbuke ni ahadi moja ndogo ndani ya barua, yenye tarehe yake, utakayoitimiza bila kumdai kitu. Maneno matamu ya shukrani yana kazi yake, lakini bila ahadi hiyo mteja huyasahau wiki hiyo hiyo. Hatua zote zinazofuata zinaelekea kwenye ahadi hiyo.

Hatua ya kwanza: kasoro ziishe kabla hujaandika

Mteja akisoma "asante kwa kuniamini" wakati bomba la sinki linadondosha maji, barua nzima inamkera. Kwa hiyo tembea nyumba yote na mteja, au na mtu aliyemwachia usimamizi, chumba baada ya chumba, mkiandika orodha ya marekebisho. Fungua kila bomba na uliache litoke kwa muda. Funga kila mlango kwa ufunguo wake mwenyewe. Mwaga ndoo ya maji kwenye sakafu ya bafu, uangalie kama yanakimbilia tundu au yanatuama kwenye kona. Washa taa zote kwa pamoja, usiwashe moja moja.

Kibosho tulipata mambo 17. Mengi yalikuwa ya rangi. Mawili yalikuwa na uzito: mlango wa jikoni ulikuwa unakwaruza sakafu, na tenki la choo cha wageni lilikuwa linajaza maji bila kukata. Marekebisho yalichukua siku nne. Kaka wa mwenye nyumba, ndiye aliyekuwa msimamizi, akaweka saini mbele ya kila jambo lilipomalizika. Karatasi ile yenye saini 17 ndiyo iliyonipa ruhusa ya kushika kalamu.

Ondoa pia mabaki ya saiti, lakini uliza kabla ya kubeba. Mbao za fomu na kokoto ni zako au zake kulingana na mkataba. Marumaru zilizobaki usiziondoe kabisa. Rangi ya marumaru hutofautiana kidogo kati ya toleo moja na jingine, hata jina likiwa lile lile, kwa hiyo moja ikivunjika baada ya miaka mitatu hataipata inayofanana dukani. Tuliacha maboksi mawili stoo, kila moja limeandikwa chumba chake kwa kalamu nene.

Hatua ya pili: hesabu ziende njia yake

Barua ya shukrani na karatasi ya kudai salio zisikae kwenye bahasha moja, wala kwenye ujumbe mmoja wa simu. Nililijifunza hili kwa hasara. Miaka ya nyuma nilimwandikia mteja mmoja shukrani ndefu, ya kweli kabisa kutoka moyoni, kisha mstari wa mwisho nikaongeza kwamba salio ni 1,200,000. Alijibu mstari wa mwisho tu: "Nitaliangalia." Alilipa, lakini hakuniita tena, na nikiisoma barua ile leo namwelewa. Kila sentensi ya juu ilikuwa imegeuka kuwa kibembelezo cha kuomba hela.

Kwa hiyo peleka hesabu ya mwisho kwanza, pamoja na risiti za mashine za malipo yote, na usubiri ilipwe. Ile nusu ya dhamana inayosubiri miezi 6 haihesabiki kuwa deni, kwa hiyo isikuzuie. Kama mteja anachelewa kulipa, mwandikie barua ya deni iliyo wazi na yenye adabu, na shukrani ingoje. Isingoje sana, hata hivyo. Siku ya funguo yenyewe mtumie neno fupi la kumpongeza kwa nyumba, na barua kamili ifuate pindi hesabu zinapofungwa. Muda mzuri ni kati ya wiki moja na siku kumi baada ya funguo. Mapema zaidi ya hapo, mteja bado anahangaika na mapazia na vitanda. Kwa nyumba ya Desemba kuna sababu nyingine ya kutochelewa: ukifika tarehe 20, barua yako itafukiwa na salamu za sikukuu.

Hatua ya tatu: tafuta jambo moja alilofanya mteja

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayotofautisha barua na kadi ya dukani. Rudi kwenye daftari la saiti. Kama huna daftari, pitia ujumbe wenu wa Watsapu tangu mwanzo, hata kama ni kazi ya jioni mbili. Unachotafuta ni uamuzi ambao mteja aliufanya yeye mwenyewe na ukaifaidi nyumba. Usitafute wema wa jumla kama vile kulipa kwa wakati au kuwa mpole. Mteja ametumia akiba ya maisha yake kwenye jengo lile, na karibu kila siku alikuwa anaambiwa na mafundi kwamba hajui ujenzi. Ukimwonyesha mahali ambapo alijua kuliko wewe, hilo halitamtoka.

Kwenye daftari langu nilikuta ukurasa wa mwezi Machi. Mama alikuja siku mbili, akasimama nyuma ya jiko na kuutazama mtaro tuliokuwa tumeupimia kamba. Nilikuwa nimeupanga uwe na upana wa sentimita 30. Akasema hautatosha, kwa sababu maji ya kihamba cha juu hupita pale mvua ikikolea. Aliyaona miaka yote alipokuwa bibi harusi pale. Nilibisha kidogo, kisha tukaupanua hadi sentimita 45. Aprili masika yaliposhika, maji yalijaa mtaro hadi karibu na ukingo. Ungekuwa wa 30 yangeingia kwenye msingi wa jiko.

Tafuta pia kosa lako moja, lile ambalo mteja analikumbuka. Usiliache nje ukidhani amesahau. Kosa langu lilikuwa vipimo vya ngazi za baraza, vilivyochelewesha marumaru kwa wiki tatu. Litaje kwa sentensi moja, bila kujitetea, kisha endelea.

Kama kulikuwa na ugomvi mkubwa, barua si mahali pake. Wachaga wanajua kazi ya jani la isale: mtu anayeomba msamaha hulipeleka mwenyewe, au humtuma mtu wa heshima alipeleke. Nenda ana kwa ana kwanza, myamalize, na shukrani iandikwe baadaye.

Hatua ya nne: barua yenyewe

Iwe ukurasa mmoja. Hii ndiyo niliyoipeleka.

*Moshi, 6 Desemba*

*Shikamoo Mama,*

*Natumaini u mzima, na wote hapo nyumbani ni wazima.*

*Nyumba ya Kibosho imekamilika, na funguo ziko kwa kaka tangu tarehe 28 Novemba. Naandika kukushukuru.*

*Mwezi Machi ulisimama nyuma ya jiko ukaniambia mtaro wa sentimita 30 hautatosha kwa maji yanayoshuka kutoka kihamba cha juu. Mimi ndiye niliyepanga 30. Tuliupanua hadi 45 kwa neno lako, na mvua za Aprili zilipita zote humo bila kugusa msingi. Uamuzi ule ulikuwa wako, na jiko ni kavu kwa sababu yake.*

*Marumaru zilichelewa wiki tatu kwa kuwa nilikosea vipimo vya ngazi za baraza. Ulivumilia, na hukuwafokea vijana wangu. Nakushukuru kwa hilo pia.*

*Kaka alifika saiti karibu kila siku na kuhesabu saruji mfuko kwa mfuko. Kwa uangalifu wake hatukubishana hata mara moja juu ya vifaa.*

*Ndani ya faili hili kuna picha za mabomba na waya za umeme kabla ya plasta, ukuta kwa ukuta, ramani ya njia ya maji taka hadi kwenye shimo, na karatasi za dhamana za pampu na tenki. Fundi yeyote akitaka kutoboa ukuta au kuchimba uani, aanzie hapo.*

*Katikati ya Aprili, mvua ikiwa imeshika, nitapita kuangalia paa, gata na mtaro. Nitampigia kaka siku moja kabla. Huo ni ukaguzi wangu mwenyewe na hauna malipo.*

*Aika sana, Mama. Mungu awajalie Krismasi njema ndani ya nyumba yenu.*

Angalia kwanza mpangilio wake. Salamu ni fupi, kwa sababu mzee anastahili shikamoo kabla ya jambo lolote, lakini hahitaji aya nzima ya kuulizwa hali. Kisha ninasema kazi imekwisha na funguo ziko kwa nani, ili barua iwe na faida hata akiisoma baada ya miaka mitano. Shukrani yenyewe inakuja kupitia mtaro. Neno "nashukuru" peke yake lingeweza kuandikwa na fundi yeyote kwa mteja yeyote, lakini sentimita 45 ni za mama huyu tu.

Sehemu ya faili si ya kupuuza. Picha za ukuta kabla ya plasta zinamwokoa mteja siku fundi mwingine anapotaka kutundika kabati na kulenga bomba. Na kila faili hilo linapofunguliwa, barua yako inakuwa juu. Ziandike picha kwa mkono nyuma yake: "jiko, ukuta wa mashariki, bomba liko sentimita 60 kutoka sakafuni." Picha isiyo na maelezo haimsaidii mtu.

Kuhusu ziara ya Aprili, andika wazi kwamba haina malipo. Usipoandika, mteja atajiuliza bei yake ni nini, na hofu hiyo ndogo inatosha kumfanya aseme "usijisumbue." Chagua tarehe yenye sababu ndani ya kazi yenyewe. Mimi nilichagua Aprili kwa kuwa paa na mtaro havipimwi kiangazi. Fundi wa sola achague wiki za mawingu ya Juni na Julai, wakati betri zinapojaa kwa shida. Aliyejenga kisima au tenki la kukinga mvua aje mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa yamepungua na nyufa zinaonekana. Tarehe isiyo na sababu inaonekana ni kisingizio cha kuja kuomba kazi.

Na sasa niliyoyaacha nje. Sikuandika "ukiwa na kazi nyingine usinisahau." Sentensi hiyo ndiyo inayotukaa mdomoni sote, lakini inageuza shukrani kuwa ombi, na mteja aliyemaliza kutoa 86,000,000 hana hamu ya kusikia habari ya kazi nyingine. Anayo namba yangu, na ziara ya Aprili inamwambia kwamba bado nipo. Sikuomba picha za nyumba kwa ajili ya kujitangaza. Ombi hilo niliahirisha hadi baada ya ziara, na nililileta kwa ujumbe wake peke yake, ili awe huru kukataa. Alikubali picha za nje tu, na za ndani sijazitumia hadi leo.

Tena sikugusa mambo ya familia niliyoyasikia saiti. Kwenye kihamba kile kuna makaburi ya wazee, na mwanzoni mwa kazi tuliihamisha njia ya lori ili lisipite karibu nayo. Tulifanya hivyo kwa heshima na mama analijua. Kulitaja kwenye barua kungeonekana kama kudai sifa kwa jambo ambalo ni wajibu wa kila mtu mwenye adabu. Fundi anayekaa uani kwa mwaka husikia mengi: nani hakuchangia, shamba linagombaniwa na nani. Yote hayo yabaki uani.

Hatua ya tano: ifike mikononi

Iandike kwa kompyuta kama mwandiko wako si mzuri, lakini saini na tarehe viwe vya mkono. Mimi niliweka barua na faili kwenye bahasha ngumu na kuituma Dar kwa basi la asubuhi, kisha nikampigia mama kumwambia namba ya basi na saa ya kufika. Kwa mtu wa umri wake simu ni lazima. Ujumbe wa maandishi bila simu unasomeka kama kumkwepa. Simu yenyewe iwe fupi, usimsomee barua ukamwibia nafasi ya kuifungua.

Nakala ya pili ilikwenda kwa kaka, kwa mkono. Hapa makandarasi wengi hukosea. Mteja wa mbali huamini macho ya ndugu yake aliyeko nyumbani, na ndugu huyo ndiye atakayeulizwa na majirani nyumba ilijengwa na nani. Kama jina lake halimo kwenye barua, amejiona hakuthaminiwa, na hutajua kamwe kwa nini simu zilikoma. Mlinzi naye nilimshukuru kwa mdomo, na vijana wangu wakampa jozi moja mpya ya buti iliyobaki.

Kama mteja wako ni hoteli au kampuni ya utalii ya Arusha, barua iende kwa meneja mliyefanya naye kazi, na nakala kwa mtu wa matengenezo. Meneja huhama, lakini mtu wa matengenezo hubaki, na ndiye anayeshika simu pampu inapozima usiku.

Hatua ya sita: timiza tarehe

Andika tarehe kwenye kalenda siku ile ile unayotuma barua. Usipotokea, ilikuwa heri usingeahidi. Nilipanda Kibosho tarehe 16 Aprili, siku ya tatu ya mvua mfululizo, nikiwa na kijana mmoja na ngazi. Mtaro ulikuwa umejaa robo tatu na unatembea vizuri. Gata la upande wa migomba lilikuwa limeziba kwa majani, maji yanamwagika juu ya ukuta wa stoo, na ndani kulikuwa na doa la unyevu la ukubwa wa sahani. Tulizibua gata, tukafunga wavu mdomoni mwa bomba la kushushia maji, na nikamtumia mama picha mbili, kabla na baada. Niliandika maneno haya tu: "Shikamoo Mama. Nimepita leo kama nilivyosema. Gata la upande wa migomba lilikuwa limeziba, tumezibua na kuweka wavu. Doa la stoo litakauka, nitalipaka rangi mwezi ujao. Mengine yote salama."

Siku hiyo usitaje dhamana. Miezi 6 yetu ilikuwa inaisha tarehe 28 Mei, na kama ningeiambatanisha na ziara, ziara ingekuwa ya kudai. Mei nilirudi kupaka rangi doa, ambalo lilikuwa limekauka kabisa, kisha tarehe 29 nikatuma barua ya mistari mitano ya kuomba 2,150,000, pamoja na saini ya kaka kwamba kasoro zimerekebishwa. Ililipwa wiki hiyo hiyo.

Agosti mama alinipigia. Wifi yake alitaka kujenga ukuta wa uzio Machame, na alikuwa ameomba namba yangu. Ukipata simu ya namna hii, usitaje bei kupitia kwa mteja wa zamani, hata akikuuliza kwa upendo. Bei ikija kuwa kubwa atajiona amemuuza ndugu yake, ikiwa ndogo wewe utaumia. Mshukuru, omba ruhusa ya kumpigia wifi mwenyewe, nenda ukapime eneo, na makadirio yaende kwa mwenye uzio peke yake. Kisha, kazi ipatikane au isipatikane, mrudishie mama neno kwamba ulifika. Mimi nilimwambia hivi: "Mama, nimefika Machame jana, tumepima mita 62, na karatasi ya makadirio nimempa wifi mkononi. Desemba nitapita Kibosho kusafisha gata kabla hamjapanda."